Shilingi 6,700,000 na Watu Waliohesabiwa: Barua ya Udhamini Inayosomeka

Barua nyingi za kuomba udhamini huanza kwa "Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu", zikapita kwenye historia ndefu ya kikundi, zikamalizia kwa kuomba msaada "wa hali na mali". Meneja masoko anayepokea barua kama hizo kila wiki hahitaji kufika aya ya pili. Hajaambiwa ni watu wangapi watakaoiona kampuni yake, hajaambiwa atapata nini, na kiasi anachoombwa hakipo. Kampuni ikitoa chochote baada ya barua ya namna hiyo, hutoa katoni chache za maji na fulana zilizobaki kwenye tamasha la mwaka jana.

Kosa la barua hizo ni kwamba zinaomba hisani kwenye meza inayofanya manunuzi. Fedha za udhamini kwa kawaida hutoka kwenye bajeti ya masoko, na bajeti hiyo ipo ili kampuni iwafikie wateja. Wahasibu nao wanaitenga na misaada. Kwa Sheria ya Kodi ya Mapato ya Tanzania ya mwaka 2004, gharama iliyotumika kuzalisha mapato ya biashara hutolewa kabla ya kodi kukokotolewa, na matangazo yamo humo. Misaada ya hisani ina masharti na ukomo wake. Kwa hiyo ukiandika "tunaomba mchango", barua yako inakwenda kwenye kapu dogo, lile la huruma.

Tuichukue kamati moja ya kufikirika ya mashindano ya ndondo katika kata mojawapo ya Temeke, Dar es Salaam. Bei nitakazotaja ni za mfano. Kila kamati itaweka za kwake baada ya kuzunguka madukani. Kuna timu 16 za mitaa katika makundi manne. Kila kundi linacheza mechi 6, jumla 24. Halafu kuna robo fainali 4, nusu fainali 2, mechi ya mshindi wa tatu, na fainali. Hizo ni mechi 32, na zikichezwa mbili kwa siku, Jumamosi na Jumapili, zinamaliza siku 16, yaani wikiendi 8 za Juni na Julai.

Swali la kwanza la mdhamini ni watu wangapi. Hapa ndipo kamati nyingi zinapojiharibia, kwa sababu mwenyekiti huandika "zaidi ya watu 50,000" kwa kuwa inapendeza. Msomaji wa barua anaijua Temeke. Anajua uwanja wa shule ya msingi usio na jukwaa unabeba watu wangapi, na akishaona namba moja ya uongo hasomi tena namba nyingine.

Kuhesabu hakuhitaji geti wala tiketi. Watazamaji wa ndondo husimama pembeni ya mstari wa chokaa au nyuma ya kamba. Mtu mmoja wa kamati anapima mita 10 za ukingo kwa hatua, anahesabu vichwa vilivyomo ndani ya kipande hicho, mstari wa mbele hadi wa nyuma, kisha anakadiria ukingo wenye watu una urefu gani kwa jumla. Akikuta watu 34 kwenye mita 10, na ukingo uliojaa ni mita 150, basi siku hiyo wapo kama 510. Ahesabu vipande vitatu tofauti, kimoja nyuma ya goli ambako watu huwa wachache, achukue wastani. Afanye hivyo dakika chache kabla ya mapumziko ya mechi ya pili, maana watu wa ndondo huja wakati jua limepungua makali. Na apige picha ya kila kipande, ionyeshe saa na tarehe.

Tuseme mashindano ya mwaka jana yalihesabiwa hivyo. Siku 12 za makundi zilikuwa na wastani wa watu 500, siku mbili za robo fainali watu 900, siku ya nusu fainali 1,500, fainali 2,500. Ukijumlisha unapata 11,800. Lakini hayo ni mahudhurio, si watu. Fundi wa pikipiki aliyekuja mara saba amehesabiwa mara saba. Kampuni inayouza laini za simu inataka kujua ni watu wangapi tofauti, kwa sababu fundi yule hatanunua laini saba.

Njia ya kupata jibu ni kuuliza. Siku ya nusu fainali, vijana wawili wa kamati wanapita na daftari na kuuliza watu 100: umekuja mara ngapi tangu mashindano yaanze? Wastani ukiwa mara 4, unagawa 11,800 kwa 4, unapata 2,950. Namba hiyo ina upungufu unaofaa kuufahamu. Mtu anayekuja kila wiki ni rahisi kumkuta uwanjani siku unayouliza kuliko aliyekuja mara moja akatokomea, kwa hiyo wastani wa mara 4 umezidi ukweli kidogo, na watu halisi huenda wakawa wengi kuliko 2,950. Makadirio ya chini si hasara kwako. Mdhamini akija kuona mwenyewe atakuta watu zaidi ya alioahidiwa.

Daftari lilelile litumike kuuliza umri na mtaa. Tukichukulia kwamba robo ya watazamaji ni watoto, basi watu wazima ni kama 2,200. Benki haifungui akaunti ya mkopo kwa mtoto wa darasa la nne, lakini kiwanda cha biskuti kitawapenda watoto hao kuliko baba zao. Umati ni uleule, ila barua ya benki na barua ya kiwanda hazitaanza na sentensi ileile.

Sasa kiasi. Hakuna namba inayopatikana kwa kukisia "kampuni kubwa kama hii haikosi milioni 20". Kiasi kinatoka kwenye bajeti. Katika mfano wetu, seti 16 za jezi kwa 220,000 ni 3,520,000. Waamuzi wanne kwa kila mechi, kila mmoja 15,000, kwa mechi 32 ni 1,920,000. Zawadi zote ni 3,000,000. Spika na jenereta kwa siku 16 ni 1,120,000. Ulinzi, usafi na chokaa 800,000. Huduma ya kwanza 480,000. Mabango na picha 900,000. Mipira 6 ni 360,000. Vibali, nauli na simu 400,000. Jumla 12,500,000.

Kamati yenyewe ina vyanzo. Timu 16 zinalipa ada ya 100,000 kila moja, ambayo ni 1,600,000. Vibanda 10 vya mama lishe na wauza vinywaji vikilipa 5,000 kwa siku vinaleta 800,000. Wenye maduka wa mtaani wakichanga 600,000, zimefika 3,000,000. Pengo ni 9,500,000, na usimwombe mdhamini mmoja pengo lote. Chagua mistari ya bajeti inayomfaa yeye na uijumlishe. Jezi, mabango, waamuzi na mipira ni 6,700,000, na hicho ndicho kiasi cha kuandika. Zilizobaki, 2,800,000, ataombwa mdhamini mdogo, na asipopatikana zawadi zinapunguzwa.

Namba isiyo ya duara kama hiyo ina faida ya pekee: inaonyesha imetoka kwenye hesabu. Meneja ataweza kuigawa mwenyewe, na ataigawa. Ni kama shilingi 570 kwa kila hudhurio, au kama 3,000 kwa kila mtu mzima, kwa miezi miwili ya kuonekana mbele yake. Kama kampuni yake hupata faida ya 1,000 tu kwa mteja mpya, hesabu inakataa na huwezi kumlaumu. Kama inauza vifaa vya ujenzi kwenye kata ambako watu wanajenga, wateja wachache tu huenda wakarudisha fedha yote. Kwa sababu hiyo kamati yenye akili haitawanyi barua 40 zinazofanana. Inaandika tano, kila moja kwa kampuni ambayo wateja wake ndio wale wanaosimama nyuma ya kamba.

Kuhusu anachopata mdhamini, kanuni ni ahadi inayohesabika. "Kampuni yenu itatangazwa sana" haimfungi mtu yeyote. "Mabango 6 ya mita 3 kwa 1, mawili nyuma ya kila goli na mawili upande wa benchi, siku zote 16" ni ahadi ambayo mtu anaweza kuja kuikagua Jumamosi saa kumi. Vilevile jina kutajwa na mtangazaji wa uwanjani mara 4 kwa kila mechi, nembo kifuani mwa jezi, na kibanda cha mauzo karibu na njia ya kuingilia. Kati ya hayo yote, jezi ndizo zinazodumu. Bango hushushwa Julai, jezi itavaliwa mazoezini, sokoni na kwenye bodaboda hadi nembo ichakae. Kibanda nacho hupuuzwa bure: ni mahali pekee ambapo kampuni inaweza kuuza palepale na kuhesabu ilichouza, na ripoti ya mauzo ndiyo itakayomtetea meneja mbele ya bosi wake mwakani.

Jina la mashindano ni kitu cha thamani kubwa zaidi, na lisitolewe kwa bei ya jezi. Ligi Kuu ya Tanzania Bara ilijulikana miaka mingi kwa jina la Vodacom, na tangu 2021 inaitwa Ligi Kuu ya NBC; kila mtangazaji anayeitaja anaitangaza benki hiyo. Kwa kata ni vivyo hivyo kwa udogo wake. Mdhamini akitaka mashindano yabebe jina lake, kiasi kipande, na mkataba useme ni kwa mwaka mmoja au zaidi.

Ahadi nyingine nzito ni upekee, yaani kutokuwepo kampuni mshindani uwanjani. Ni rahisi kuiandika na ni rahisi kuivunja bila kujua. Umempa upekee mwenye soda fulani, halafu vibanda vyako 10 vinauza soda ya mpinzani wake chini ya mwavuli wenye nembo ya mpinzani huyohuyo. Mdhamini akipita pale ugomvi umeanza. Kabla ya kuahidi, kaa na wenye vibanda mkubaliane, au uandike wazi kwamba upekee unahusu mabango na jezi peke yake.

Usiahidi usichokimiliki. Televisheni si yako. Uwepo wa mkuu wa wilaya si wako hadi ofisi yake ithibitishe. Na kama kati ya wachezaji wapo walio chini ya miaka 18, mimi nisingebisha hodi kwa kampuni za bia wala za kubashiri, hata kama ndizo zenye fedha za haraka. Mzazi atakayemkuta mwanawe wa miaka 15 na nembo ya bia kifuani ana haki ya kuja na maneno makali.

Barua yenyewe isizidi ukurasa mmoja. Baada ya anwani na tarehe, kamati yetu ingeandika hivi:

"YAH: OMBI LA UDHAMINI MKUU WA SHILINGI 6,700,000, MASHINDANO YA SOKA YA KATA, JUNI NA JULAI

Tunaomba kampuni yenu iwe mdhamini mkuu wa mashindano haya kwa shilingi 6,700,000. Timu 16 za mitaa zitacheza mechi 32 kwa siku 16. Mwaka jana tulihesabu mahudhurio 11,800, ya watu wasiopungua 2,900. Robo tatu yao ni watu wazima, wengi wakiwa wakazi wa kata hii. Maelezo ya jinsi tulivyohesabu yameambatishwa pamoja na picha.

Fedha hizo zitalipia jezi seti 16 (3,520,000), waamuzi wa mechi zote (1,920,000), mabango na picha (900,000) na mipira 6 (360,000). Bajeti nzima ni 12,500,000. Kamati inakusanya 3,000,000, na 2,800,000 tunaziomba kwa mdhamini mdogo asiyeshindana nanyi kibiashara.

Nembo yenu itakaa kifuani mwa jezi zote na kwenye mabango 6. Jina lenu litatajwa mara 4 katika kila mechi. Mtakuwa na kibanda cha mauzo siku zote 16 bila malipo ya ziada, na mwakilishi wenu atakabidhi kombe. Ripoti ya mahudhurio, picha na risiti itawafikia ndani ya wiki 2 baada ya fainali.

Tunaomba jibu kabla ya tarehe 15 Aprili, kwa kuwa kutengeneza jezi kunachukua wiki 4. Tutapiga simu wiki ijayo kuomba dakika 20 za kuja kuwaeleza zaidi."

Basi. Kiasi kipo kwenye kichwa cha habari, kwa hiyo hata katibu muhtasi anayepanga barua anajua hii inakwenda kwa nani. Historia ya kamati, ratiba na bajeti kamili ni viambatisho. Pamoja navyo ziwepo nakala za barua ya serikali ya mtaa au ya mtendaji wa kata, kibali cha chama cha soka cha wilaya, usajili wa kikundi, na taarifa za akaunti ya benki yenye jina la kikundi. Barua inayoomba fedha zitumwe kwenye simu ya mweka hazina imeshajikataa yenyewe.

Muda wa kupeleka una uzito kuliko watu wanavyodhani. Kampuni hupanga fedha za masoko kwa mwaka wake wa fedha, na miaka hiyo hailingani. Benki nyingi za Tanzania hufunga hesabu Desemba. Vodacom Tanzania hufunga mwisho wa Machi. Serengeti Breweries, iliyo chini ya kundi la East African Breweries, hufunga mwisho wa Juni. Ukiomba fedha za mashindano ya Juni kwa kampuni inayofunga mwezi huohuo, unaweza kukuta bajeti imekwisha, ingawa wakati mwingine unakuta masalia yanayotakiwa kutumika haraka. Kwa kamati ya kata dirisha la kawaida ni miezi mitatu hadi minne kabla. Usidharau meneja wa tawi pia. Hawezi kutoa milioni sita, lakini anaweza kutoa ndogo bila kuuliza makao makuu, na barua yenye muhuri wa kuungwa mkono na tawi hupokelewa vizuri huko juu.

Jibu likija, mara nyingi linakuja nusunusu: hatuna fedha taslimu, tutawapa katoni 100 za vinywaji. Kabla ya kushukuru, rudi kwenye bajeti. Kitu kina thamani kwa kamati pale tu kinapofuta mstari. Jezi zikitolewa na kampuni, 3,520,000 zimefutika kabisa. Katoni za vinywaji hazimlipi mwamuzi, ingawa ukiruhusiwa kuziuza zinaweza kuwa mapato. Ruhusa hiyo iombwe kwa maandishi. Na faida za mdhamini zishuke kulingana na alichotoa. Aliyetoa vinywaji vya laki tano hawezi kukaa kifuani mwa jezi.

Wakikubali fedha, jambo la mwisho la kuangalia ni njia ya kulipa. Kampuni itataka ankara na namba ya mlipakodi, na mhasibu anaweza kukata kodi ya zuio kabla ya kulipa. Kwa malipo ya huduma nchini Tanzania kiwango cha kawaida ni asilimia 5, ambayo kwenye 6,700,000 ni 335,000, karibu bei ya mipira yote. Uliza mapema kama kiasi mlichokubaliana ni kabla au baada ya makato. Baadhi ya kampuni hulipa sehemu kwanza na kubakiza nyingine hadi ripoti ifike, kwa hiyo waamuzi walipwe kutoka awamu ya kwanza. Kikundi kisicho na mashine ya risiti ya EFD kinaweza kupendekeza kampuni imlipe fundi wa jezi na mchapaji wa mabango moja kwa moja. Fedha hazipiti mikononi mwenu, na kwa mdhamini wa mara ya kwanza hilo hupunguza wasiwasi mwingi.

Kisha wiki mbili baada ya fainali ripoti ifike kweli, yenye hesabu ya kila siku hata zile ambazo mvua ilinyesha na watu wakawa 120. Kamati ambayo haikuhesabu mwaka jana haina cha kuandika kwenye aya ya kwanza ya barua. Kama mna mechi wikiendi hii, mpeni mtu mmoja daftari na kalamu, apime mita 10 za ukingo, aanze.